Barua ya wazi kwa bakubwa benye kuchunga takataka ya Lubumbashi: megawati ingoye, torshere ianze

Lubumbashi, mwezi wa 11, mwanzo wa mvula

Kwa Waheshimiwa bakubwa benye kuchunga takataka ya muji wetu,

Bakubwa, kwanza pokeeni salamu na heshima yetu yote. Barua hii ni juu ya gazi yenye kutoka ku desharji yetu na zile megawati 5 za umeme zenye balituahidia kutoa mu gazi hiyo; shiye tunalomba torshere, maana mashini ya kuchoma gazi, ianze mbele ya moteri. Minajua barua kama hii haipashwe kupita ku telefone ya kila mutu mbele ifike ku biro yenu, lakini nyiye benyewe munajua vile ilikuwa. Ya kwanza tulileta mwezi wa 5, bakaipiga kashe, bakatuambia turudie kisha juma mbili. Ya pili mwezi wa 8, ile tuliandika mu Kifaransa ya kuvaa kravati kabisa, hata kashe haikupata. Basi ya tatu minaandika mu Swahili yetu ya kila siku, na minaiweka fasi bantu bote bataisoma, mutusamehe.

Miye niko fundi wa tiyo. Nilifanya Durban, Afrika ya Kusini, miaka 9, na miaka 4 kati yake kazi yangu ilikuwa kutembea juu ya mulima wa takataka na aparei ya kupima gazi, kisima cha gazi kimoya kisha kingine, nafungua robine kidogo, nafunga kidogo, naandika. Kwa hiyo siandike juu ya kusikia ku redio. Na saa hii ninakaa nyuma ya desharji yetu, ukuta wa kiwanja changu iko metre 70 na takataka ya kwanza.

Juma iliyopita mvula ya kwanza ya nguvu ilinyesha. Kesho yake nilipanda pale juu na gambuti. Pale kati kulikuwa kisima kidogo cha mayi ya mvula, pana kama beseni ya kufulia, na mayi ile ilikuwa inachemka. Haikuwa moto, niliingiza kidole, ilikuwa baridi. Ni gazi njo ilikuwa inatoka chini, povu moya moya bila kupumuzika, kama fanta wakati unaifungua. Batoto balikuwa pale banaangalia, moya ananiuliza: papa, ni shetani? Nikamwambia hapana, ni bukari ya mwaka jana na sombe na maganda ya ndizi, inaoza kule chini fasi hewa haifike, na kwenye hewa haifike kuoza kunatoa gazi mbili zenye kukaribia kulingana, metani na gazi karboniki, metani inapita kidogo ku nusu. Metani njo yenye kuwaka. Ile yenye kunuka kama yai ya kuoza ni gazi ingine, kidogo sana, inapita tu pamoja nao.

Sasa malalamiko yetu.

1. Zile tiyo 12.

Mwaka juzi sosiete moya ilikuya (jina siiandike, munaijua) na grader na bapiga picha. Balisimamisha tiyo 12 ya plastiki nyeupe juu ya desharji, bakatuambia: hii njo bisima bya gazi, umeme inakuya. Tulipiga makofi, hata miye nilipiga, aibu yangu.

Kisha nikaenda kuangalia karibu. Tiyo ile imeingia kama metre 2 tu. Pembeni yake hakuna changarawe, hakuna udongo wa mufinyanzi wa kuziba, unaweza kuingiza mukono wako kati ya tiyo na takataka. Juu iko wazi, bila robine. Haijaungwa na kitu chochote. Kisima cha kweli banatoboaka shimo pana, linashuka mpaka karibu na chini ya takataka (si mpaka chini kabisa, usitoboe sakafu). Banaingiza tiyo yenye matundu ku sehemu ya chini, banazungusha mawe madogo, kisha metre 2 ama 3 za juu banaziba na mufinyanzi na tiyo pale haina matundu hata moya, juu hewa isiingie. Ku kichwa banaweka robine na fasi ya kupimia. Kutoka pale kila kisima kinaungwa na tiyo kubwa yenye kulala na mutelemuko, juu gazi inatoka na mvuke, mvuke ikipoa inakuwa mayi, na mayi ikikuta fasi tiyo imebonyea inakaa pale na kufunga njia yote. Takataka inashukaka kila mwaka, kwa hiyo tiyo yenye ilikuwa na mutelemuko muzuri mwezi wa 1 inaweza kuwa na tumbo mwezi wa 10. Nusu ya kazi yangu Durban ilikuwa kutafuta hizo tumbo. Unaweka sikio ku tiyo na unasikia mayi inacheza, gluu gluu, na kule mbele mashini ya kuvuta inakohoa.

Mwisho wa tiyo kubwa njo kuna hiyo mashini ya kuvuta, na kisha mashini kuna njia mbili: torshere, ama moteri ya umeme. Hapa kwetu hakuna mashini, hakuna torshere, hakuna moteri. Kuna tiyo 12 zenye kupumua. Wakati hewa ya inje inakuwa nyepesi, kama mbele ya mvula, zinatapika gazi. Wakati inakuwa nzito, zinameza hewa kurudisha ndani. Ya 4 na ya 9 ziliyeyuka ku moto wa mwezi wa 9. Ya 7 iliibiwa, minasikia iko inapitisha mayi ku kiwanja ya mutu.

2. Zile megawati 5.

Ku panneau ya kiingilio bameandika megawati 5. Bakubwa, tufanye hesabu pamoja, haiko nguvu.

Desharji yetu nilipima na miguu, ni kama hektari 6, na urefu wa takataka ukichanganya fasi ya juu na ya chini ni metre 5. Hiyo ni metre kibe 300,000. Metre kibe moya ya takataka yenye kukanyagwa kidogo ina uzito kama tani 0.8, basi tuko na tani 240,000. Bamerika biko na kipimo yabo ya haraka haraka: tani milioni 1 ya takataka yenye kuzikwa muzuri inatoa gazi ya kutosha kama megawati 0.78. Kwetu hiyo inakuwa chini ya megawati 0.2, kama kila kitu ni kizuri. Na si kizuri. Haina kifuniko, kila mwaka sehemu moya inaungua, na takataka ya Lubumbashi ina muchanga mingi na majivu ya makala, juu bamama banafagia kiwanja na kutupa yote pamoja, na muchanga hautoe gazi hata siku moya. Kwa uzoefu wangu, ukipata nusu umshukuru Mungu. Nusu ni kama metre kibe 60 ya gazi kwa saa. Metre kibe moya ya gazi hii ina nguvu ya kilowati-saa 5 hivi, moteri inageuza kidogo kupita sehemu moya ya tatu yake kuwa umeme, ingine inapotea mu moto. Tunafika kilowati 100 na kidogo.

Kilowati 100 ku panneau ya megawati 5. Tena ni ya leo. Chakula inaozaka mbio sana ku joto yetu, kwa hiyo gazi inakuwa mingi miaka ya kwanza na kisha inashuka kila mwaka, hata kama moteri inabakia na nguvu ile ile na deni ile ile.

Hii haiko hadisi. Durban balifanya desharji tatu. Mariannhill, megawati 1, ikatembea. Bisasar, moya ya desharji kubwa ya Afrika, megawati 6.5, ikatembea. Ya tatu ilikuwa La Mercy, balinunua moteri ya nusu megawati, gazi haikutosha, bakaing'oa pale. Bantu benye kujua kazi, na feza, na barabara nzuri, balikosea hesabu ya nusu megawati. Nyiye munataka tuamini 5 bila hata kupima?

Najua mutasema: mbona ku ziwa Kivu banatoa umeme na metani? Kweli, pale Kibuye ku Rwanda iko sentrale ya megawati 26 inatembea tangu 2016. Lakini ile gazi imeyeyuka ndani ya mayi ya ziwa, chini sana, imejikusanya miaka na miaka, banavuta mayi inapanda na gazi inajitenga yenyewe. Ziwa ni ziwa. Sisi tuko na hektari 6 ya maganda na masasheti.

3. Mutavuta moto.

Hii njo inanikosesha usingizi, na hapa minalomba musome polepole.

Tunasikia sosiete ingine inakuya mwaka kesho kuweka mashini ya kuvuta ku zile zile tiyo 12. Ku desharji yenye haina kifuniko, ukivuta, gazi haitoke peke yake, hewa ya juu inashuka kuingia ndani ya takataka. Hewa iko na oksijeni. Takataka ya kule chini ni ya moto tayari kwa sababu inaoza, ikipata oksijeni inaanza kuungua bila ulimi wa moto, polepole, kama makala yenye umefunika na majivu. Unaweza kupita juu yake miezi 3 bila kujua. Kisha siku moya budongo inabomoka na mutu mwenye kuokota bimetali anaingia na muguu.

Fundi anajuaje mbele? Ku kila kisima anapima bintu bine: metani, gazi karboniki, oksijeni, na joto. Kisima kizuri kiko na metani 45 mpaka 55 kwa 100, na oksijeni karibu sufuri. Kama metani inashuka na oksijeni inapanda, unavuta sana, funga robine robo moya, rudi kesho. Joto ikipita digri 55, simama na utafute sababu. Na kama unashuku moto, unapima monoksidi ya karboni, ile gazi inauwaka bantu ku brazero ndani ya nyumba yenye kufungwa. Ukiikuta nyingi, kupita sehemu 1,000 kwa milioni, karibu hakika kuna kitu kinaungua chini. Pale haumwage mayi juu ya mulima muzima, unafunga kisima, unarundika budongo ku mipasuko, unanyima moto hewa.

Yote hii inaomba robine. Tiyo zetu hazina robine. Inaomba kifuniko. Hatuna. Kwa hiyo mashini ya kuvuta ku hali hii italeta gazi mubaya yenye metani 20 kwa 100, na kwa 20 hata torshere inazima, moteri ndio usiseme, moteri inataka kama 45 na kuendelea. Sosiete itasema takataka ya Bakongomani haina gazi, itafunga mizigo, na moto itabakia na shiye.

4. Gazi inaingia mu manyumba.

Wakati budongo ya juu inalowa na mvula na kufungana, gazi haipate njia ya kupanda, inatembea pembeni. Inafuata mutaro wa mayi, tiyo ya zamani, mipasuko. Metani ikifika 5 mpaka 15 kwa 100 ndani ya hewa ya chumba, sheshe moya inatosha. Yenyewe haina harufu, kwa hiyo "hatusikie kitu" haiko jibu.

Ku avenue yetu kuna mama mwenye kuuza mikate. Depo yake ni chumba kidogo bila dirisha, sakafu yake imepasuka. Mwezi wa 3 nilikopa aparei ku rafiki wa mu karyere, nikaiweka ku mupasuko ule: 2.1 kwa 100. Ku nchi zenye sheria ya hii kitu, ndani ya nyumba haipashwe kupita 1.25, maana robo ya 5. Tulitoboa matundu mawili ku ukuta, juu na chini, na mama haingize tena bujia pale. Delestaji ikikuya anauzisha inje. Hiyo njo suluhu tuko nayo mpaka leo, matundu mawili.

Sasa bile mutajibu, minabijua.

Mutasema feza haiko. Lakini feza ya panneau ilikuwa, na feza ya gari ya bapiga picha ilikuwa. Kifuniko cha budongo nusu metre yenye kukanyagwa, na mitaro ya kupitisha mayi ya mvula pembeni, ni kazi ya grader na kamio, haiko kazi ya Uzungu. Na bila kifuniko, kila feza mutatia ku gazi itapotea.

Mutasema bantu banaiba tiyo. Ni kweli, na ile ya 7 tunaitafuta. Lakini tiyo haiibwe kama imezikwa na kama kuna mulinzi mwenye kulipwa mwisho wa mwezi. Muulize balinzi benu mwisho gani balilipwa.

Mutasema torshere ni kuchoma bure kitu yenye ingetupa umeme, na bantu biko mu giza. Hapa minaelewa, hata miye delestaji inanikera. Lakini torshere haiko adui ya umeme, njo mulango yake. Torshere ya kufungwa ni pipa refu ya chuma yenye mavazi ya kuzuia moto ndani, ulimi hauuone kwa inje, inawaka karibu digri 1,000 na karibu metani yote inaisha. Ile ya wazi yenye kuwaka kama bendera ni bei chini lakini upepo unaipeperusha na metani mingi inapita bila kuungua. Ya kufungwa inaandika yenyewe kila saa: gazi ngapi imepita, metani ngapi. Mwaka moya wa hesabu hiyo njo itawaambia kama munahitaji moteri ya kilowati 100 ama ya sufuri. Hata desharji yenye moteri inabakiaka na torshere pembeni, juu moteri inasimama kwa kubadilisha mafuta, na gazi haisimame. Tena moteri ina matatizo yake: shampo na mafuta ya nywele binaleta kitu ndani ya gazi yenye ikiungua inakuwa muchanga laini mweupe ku kichwa cha moteri, nilishaikwangua na kisu. Unahitaji kuchuja, na chujio ni feza ya kila mwezi.

Na kama gazi ikipatikana kidogo sana hata kwa torshere? Basi msiweke chochote cha chuma. Funikeni na budongo, juu yake mutandaze mboji yenye kuiva, nene ya kupita metre moya. Ndani ya mboji kuna bududu vidogo vyenye kula metani inapopita. Haipigwe picha nzuri, najua, lakini inafanya kazi ku desharji ndogo ya zamani.

Tunalomba hii, kwa mupango huu na hapana ingine:

Mbele mvula iwe kali, zile tiyo zenye kubakia zizibwe ama ziwekwe robine, na manyumba yote yenye iko chini ya metre 100 yapimwe mara moya kwa mwezi, na namba iandikwe ku mulango ya chef wa avenue.

Sezoni seshi yenye kukuya, kifuniko na mitaro.

Kisha bisima 3 vya kweli, fasi takataka iko ndefu zaidi, na majaribio ya kuvuta ya juma kadhaa. Raporo yake itoke kwa bantu, si kwa sosiete peke yake. Kisha torshere ndogo ya kufungwa, na kizuizi cha moto ku tiyo ili ulimi usirudi ndani, na kipimo cha oksijeni chenye kuzimisha mashini chenyewe. Mwaka moya. Moteri tutaizungumuzia pale.

Na ile namba 5 itolewe ku panneau. Hata kama ni kuipaka rangi tu.

Siku ya posho ya pili ya mwezi wa 12, saa 3 ya asubui, tutakuwa ku kiingilio cha desharji na aparei. Mutume fundi wenu moya. Tutapima tiyo zenye kubakia na nyumba 10 za kwanza, depo ya mama wa mikate ikiwa ya kwanza, tutaandika mu kaye moya, yeye asaini na shiye tusaini. Asichelewe, aparei ni ya kukopa na mwenyewe anaitaka dimanshi.

Na heshima,

Fundi wa tiyo, mukaaji wa avenue ya nyuma ya desharji, pamoja na jirani 61 benye balisaini ku kopi ya makaratasi